Kiboko na Masomo ya Ketsia

Naapa kwa mifupa ya babu yangu iliyolala kule Mahagi: habari hii ni ya kweli yote, na asiyeamini aende aulize kiboko.

Kiboko mwenyewe nilikutana naye Mahagi-Port. Nilikuwa ndani ya pirogi, mutumbwi wetu, pensheni yangu nimeifunga mu leso. Akatoa kichwa majini, akameza leso na feza zake. Nilimupiga ngumi tatu za meno. Aliomba pardon, lakini feza hakurudisha.

Ndiyo sababu, jamaa walipokusanyika kwetu Bigo kuchangia masomo ya Ketsia, mimi mujomba wa mama yake sikutoa ata franga. Nilitoa akili.

Ketsia anasomea ukunga Ubelgiji. Shule ilitaka euro elfu moja na mia tano, zifike kwa compte yao ya banki kamili kabla ya vendredi, siku ya Ijumaa, kuisha. Zikipunguka au zikichelewa, wanafuta jina lake, na karatasi yake ya kukaa kule inakufa pamoja na jina.

Nikafungua telefoni. Euro moja, dola moja na senti kumi na sita. Dola moja, franga elfu mbili na mia nane.

"Milioni ine na mia nane makumi saba na mbili elfu," nikatangaza. "Isizidi ata franga moja. Nimelipia watoto kumi na wawili masomo ya Ulaya, tena nikiwa kitandani!"

Jeanine, mama ya Ketsia na mutoto wa dada yangu marehemu, aliniamini. Akauza friza yake ya samaki, ile inayolisha nyumba, hesabu ikatimia.

Mardi, siku ya Jumanne, asubuhi tukaenda kwanza kwa Héritier, mwenye kubadilisha feza chini ya parasoli yake.

"Elfu mbili na mia nane ni bei ninayonunulia dola," akasema. "Kukuuzia weye, mama, ni elfu mbili na mia nane makumi tano."

"Telefoni ya mujomba inasema ingine."

"Basi telefoni ikuuzie."

Tukatoka na dola elfu moja na mia saba na tisa. Kwa hesabu yangu zingekuwa elfu moja na mia saba makumi ine. Nikamwambia Jeanine, banki watasawazisha. Banki wananijua.

Kwenye banki, Charlotte wa gisheti, dirisha la malipo, alikagua kila noti kwenye mwanga, maana huku kwetu dola yenye kupasuka ata kidogo inakataliwa. Zote zilikuwa nzima. Kisha akaandika.

"Euro sisi tunauza dola moja na senti makumi mbili na moja. Ile ya telefoni ni bei ya mabanki wao kwa wao, haiko ya mutu wa gisheti. Ni elfu moja na mia nane na kumi na tano. Komisyo ya banki, ujumbe wa kutuma na taksi ya serikali, makumi sita. Na gharama za banki ya katikati inayopitisha feza, nani atalipa? Musipolipa hapa, wanazikata njiani, shule inapata pungufu."

"Sisi," Jeanine akasema taratibu.

"Makumi tatu tena. Inakuwa elfu moja na mia tisa na tano. Munapungukiwa mia moja makumi tisa na sita."

Jeanine hakulia. Alishika ukingo wa gisheti kama mutu anayetelemushwa mu kisima.

"Nikirudi kesho?"

"Mama, transfert inachukua siku tatu za kazi. Ikitoka leo kabla ya saa tano, inafika vendredi. Ikitoka kesho, inakuta wikendi."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano. Friza ilishakwenda. Akanigeukia na macho ambayo sijayaona tangu siku tulipomuzika mama yake.

"Mujomba, nifanye nini?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamusukumia telefoni. "Hawa ni wezi! Fungua, mwonyeshe bei yangu!"

Akafungua. Akasoma. Akasoma tena, kwa sauti, mbele ya mustari muzima wa watu:

"'Compte yako imepokea pensheni. Solde: dola mia mbili na kumi na ine.' Vendredi iliyopita."

"Ile... ni ya muzee mwingine."

"Mujomba. Kiboko ameshatapika."

Mustari ulicheka. Yeye hakucheka. Alipokea kwa Charlotte karatasi ya kutoa feza kwa compte yangu, akaniwekea mbele. Nikatia sahihi. Charlotte akagonga muhuri saa tano ikiwa mulangoni.

Siku zile tatu Jeanine hakula chakula cha maana. Vendredi magaribi Ketsia akapiga: zimefika, elfu moja na mia tano, ata senti haikukatwa. Jeanine akaketi chini palepale uani, akafunika uso na kitenge.

Jamaa wakaja kusikia. Nilikuwa nimeanza kuwaeleza jinsi nilivyomukamua kiboko tumbo, Jeanine akaleta sahani tupu, akaiweka mbele yangu.

"Tranche ya pili ya malipo ya shule ni janvier, mwezi wa kwanza. Mara hii tunaanzia kwa mutu wa hesabu."

Nikatafuta kiboko mwingine kichwani. Hakuna aliyekuja. Nikatoa dola zangu kumi na nane zilizobaki.