Swali la Tisa

Jibu la swali la tisa Edina aliliandika asubuhi ya Jumatatu, kabla chai ya saa nne haijaletwa, na halikumchukua hata dakika mbili. Baadaye kila alipolikumbuka, hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba lilikuwa jepesi kiasi kile.

Alikuwa msaidizi wa utumishi katika kampuni ya kununua na kukoboa mpunga, ofisi kuu ikiwa Mpanda mjini na vituo vya kupimia mzigo vikiwa Majimoto na Kasansa. Kwa miaka mingi, kila mfanyakazi mpya aliitwa Mpanda siku moja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na Mzee Ubaldo akamwonyesha slaidi arobaini na mbili ukutani. Mzee Ubaldo alipostaafu na kurudi kulima Majimoto, hakupatikana mwingine wa kusimama pale mbele. Ndipo Madam Scolastica, mkuu wa utumishi, alipomtumia Edina zile slaidi kwenye WhatsApp, zikiwa zimegeuzwa PDF.

"Nigeuzie hizi ziwe ukurasa wa maswali na majibu," alisema. "Mtu anafungua kwenye simu, anaona swali lake, anapata jibu, basi. Fupi fupi. Nyie vijana mnajua mambo haya."

Edina alifurahi, maana kazi ya kuandika humfaa mtu asiyependa kusema. Alizipitia slaidi moja baada ya nyingine, na kila mstari wenye kanuni akaugeuza kuwa swali. *Saa za kazi: 1:30 hadi 10:30* ikawa "Naingia kazini saa ngapi?" *Kofia na buti: lazima ghalani* ikawa "Je, lazima nivae buti ghalani?" Alipofika slaidi ya kumi na tisa alikuta mstari mmoja tu: *Likizo yenye malipo: baada ya miezi 6.* Akaandika:

"Je, naweza kupewa ruhusa ya kwenda nyumbani kabla sijatimiza miezi sita? Hapana. Likizo huanza baada ya miezi sita ya kazi."

Alisita kidogo. Slaidi haikuwa na neno "nyumbani", hilo alikuwa ameliongeza mwenyewe ili swali lifanane na maneno ya watu. Wazo la kumpigia Mzee Ubaldo lilimjia. Lakini angeanzaje? Mzee yuko shambani, simu iko juu ya kichuguu ikitafuta mtandao, halafu msichana wa ofisini anamsumbua kwa mstari mmoja. Akaenda swali la kumi.

Mwisho wa ukurasa Madam alitaka kuwe na mahali pa kuuliza. "Weka namba yako," alisema. Edina alijibu ndiyo, kisha akaweka barua pepe ya ofisi. Simu ya mtu asiyemjua ilikuwa ikimtoa jasho hata kabla hajaipokea. Madam hakugundua. Maswali yalikuwa ishirini na manne, yamepangwa vizuri chini ya vichwa vidogo, na mkurugenzi mwenyewe aliusifu ukurasa kikaoni. Edina aliinamisha uso, akatabasamu peke yake.

Miezi miwili baadaye, Alois, msimamizi wa kituo cha Kasansa, alipiga simu ofisini.

"Madam, huyu binti mpya wa mizani, Klementina, amefiwa na mama yake huko Karema. Wamezika juzi, Jumamosi."

"Maskini! Amekwenda lini?"

"Hajakwenda. Alikuwa hapa anapima gunia mpaka Ijumaa. Mama alikuwa hoi tangu Jumanne, na hata mimi hakuniambia. Jumamosi ndiyo amedandia lori, akaishia hapo Mpanda stendi. Wamempigia wakamwambia wameshafukia."

"Sasa kwa nini hakuomba ruhusa?"

"Anasema ukurasa wenu umemkatalia."

Madam alikuwa ameweka simu kwenye spika. Edina alikuwa mezani kwake, hatua nne kutoka pale, na kila neno alilisikia.

Mchana ule Madam alilifungua faili lenyewe la Mzee Ubaldo kwenye kompyuta yake, siyo ile PDF, akamwita Edina. Slaidi ya kumi na tisa ilikuwa na mstari wake mmoja uleule. Ila chini yake, kwenye sehemu ya maelezo ambayo msemaji huiona peke yake na ambayo katika PDF haikuwa imetokea, mzee alikuwa ameandika: *Hapa simama. Waambie ugonjwa wa mzazi na msiba havisubiri miezi sita. Aondoke, apige simu akiwa njiani. Kampuni inatoa siku nne. Rudia mara mbili, wageni huwa wanaogopa.*

"Na mimi sikukupa faili lote," Madam alisema polepole. "Nimekosa na mimi."

Edina alikuwa akilitazama lile "Rudia mara mbili." Mzee aliandika mstari mfupi ukutani kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo kuumalizia. Edina aliuchukua ule mstari, akauacha useme peke yake kwa watu walio mbali, wenye hofu, na juu yake akaupachika "Hapana".

Klementina aliporudi kutoka Karema, Edina aliomba kupanda gari la mifuko linalokwenda Kasansa. Alimkuta amekaa kando ya mizani, kitambaa cheusi kichwani, akishona gunia lililopasuka.

"Pole na msiba, dada."

"Asante. Ndiyo hivyo."

"Mimi ndiye niliyeandika ule ukurasa."

Sindano ilisimama. "Wewe? Mimi nilidhani umeandikwa na watu wa Dar huko." Akamtazama, macho makavu. "Nilisoma mara tatu. Halafu nikatafuta neno *mama*. Halikuwemo. Nikatuma na barua pepe."

"Barua pepe hufunguliwa Jumatatu tu," Edina alisema. "Ilipaswa iwe namba yangu. Niliogopa kupigiwa simu. Nisamehe, dada."

Klementina alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Wakakaa. Wanaume walipita na magunia mabegani, mmoja akatania, "Wageni wa ofisi leo wanakalia pumba!"

"Siku ile," Edina aliuliza mwishowe, "ungeniuliza mimi, ungesemaje?"

"Ningesema hivyo hivyo. Mama anaumwa sana, nifanye nini?"

"Swali niliweke hivyo hivyo?"

"Weka. Jina langu usiweke."

Kesho yake Edina alilifuta swali la tisa. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya saa za kazi na kabla ya buti, aliandika: "Mama anaumwa sana, nifanye nini? Ondoka uende kwake. Ukiwa njiani, mpigie Edina." Kisha namba yake, tarakimu zote kumi. Madam alisoma, akasema hiyo si lugha ya ofisi, halafu akasema iache. Yaliyobaki, ishirini na matatu, Edina aliyachapa kwenye karatasi, akampigia Mzee Ubaldo, na kwa saa nzima mzee akayasahihisha moja moja kutoka shambani.

Kiungo alikituma kwa Klementina. Alama mbili zikageuka bluu, na jibu likaja jioni.

"Nimeona," Klementina aliandika. "Mama hakujua kusoma. Angeniambia achana na simu kusoma soma, mpigie mtu."

Edina aliusoma ujumbe ule amesimama mlangoni mwa ofisi, ufunguo mkononi. Simu aliiacha imewashwa, sauti juu, na hivyo ndivyo alivyoiacha kila siku tangu hapo.