Sokwe Wasio na Chawa

Walipovunja sanduku la mbao pale stesheni ya Moshi, harufu iliyotoka ilimfanya Daktari Aikande ageuke na kutapika kando ya reli. Ndani walikuwamo sokwe watatu, wamefichwa nyuma ya magunia na mlanguzi aliyetaka kuwavusha mpaka. Tangu walipotolewa magharibi walikuwa wakilalia mavi yao wenyewe. Jike mzee alikuwa na kidonda begani kilichotunga usaha. Jike mwingine, mdogo kwake, pamoja na dume, walijaa chawa na kupe.

Aikande alikuwa binti wa Old Moshi, amekua akizoa samadi kabla ya kwenda shule, na sasa ni daktari wa wanyamapori. Hakudhani mnyama angeweza kumtapisha.

Waliwaweka katika ghala la mawe juu ya Kiboriloni, lililozungushiwa wavu. Aliwalaza kwa dawa, akawaosha, akawanyunyizia unga wa kuua wadudu. Baadaye aliwalaza tena, akawapekua ngozi nzima. Hakuona hata yai la chawa.

"Sasa wametakata, mzee Basili," akamwambia mtunzaji. "Wataacha kuchokoana."

Hawakuacha. Kila asubuhi, wakishakula ndizi, walikaa mgongo kwa kifua wakichambuana manyoya hadi jua kali. Walitenganisha nywele kwa vidole, midomo ikilia *chwa, chwa*, wakabandua mba na kuula. Siku moja jike mdogo aliinamia kidonda cha mzee, akang'oa gaga kwa meno, akalamba usaha uliotoka, akameza.

Aikande alifumba macho. Mate yalimjaa mdomoni.

"Mtenge yule mzee," akasema. "Peke yake, nyuma ya ukuta. Kidonda hakitapona wakikila hivi."

"Watalia, daktari."

"Walie."

Walilia kweli, kisha jike mzee akanyamaza. Kidonda kikaanza kukauka, Aikande akafurahi. Lakini ndizi zake zilibaki zilivyo, na baada ya siku kadhaa alimkuta yule jike ameng'oa manyoya ya mkono wake mwenyewe, toka kiwiko hadi kiganja. Ngozi ilikuwa ya waridi, imevimba, kama kuku aliyenyonyolewa. Alikuwa akiyatafuna. Aikande akatafuta ukurutu, akatafuta chawa. Hakupata chochote. Safari hii kilichomchukiza ni ukuta alioamuru yeye.

Upande wa pili mambo hayakuwa mema zaidi. Dume alimpiga jike mdogo kila chakula kilipofika.

"Zamani walikuwa hawapigani?" Aikande akauliza.

"Walipigana sana," akajibu Basili. "Ila wakimaliza, huyu dume alikwenda kwa mzee na kumnyooshea mkono. Mzee akamchambua mpaka manyoya yaliyosimama yakalala. Halafu ukawaona wanakula pamoja."

Wiki ile ile akaja Ndugu Filemon, mkuu wa Aikande kazini, na habari kwamba behewa la kwenda Kigoma limepatikana. Huko kulikuwa na mahali palipotengwa kwa sokwe waliookolewa.

"Masanduku matatu, kila mmoja lake," akasema, leso puani. "Wamekwisha takata, hawana haja ya kupekuana."

"Ndugu Filemon, hawapekuani kwa ajili ya chawa peke yake," akasema Aikande. "Ndivyo wanavyotulizana na kupatana. Ukiwatenganisha watafika wamejichuna, na wakifika watararuana."

"Na kidonda?"

"Kimefunga. Nipe leo tu. Njoo uone."

Wakafungua mlango wa ukuta. Dume alimvamia jike mzee kwa kishindo, manyoya yamesimama, akamburuta kwa mguu. Kinyesi kikaruka hadi kwenye viatu vya Filemon.

"Watenganishe!" akafoka.

"Subiri."

Dume aliachia mguu. Akazunguka, akarudi, akanyoosha mkono. Jike mzee, akitetemeka, akaushika na kuanza kutenga nywele. Jike mdogo akasogea nyuma yake, akapeleka midomo kwenye ule mkono uliochunwa. *Chwa, chwa.* Dume, aliyekuwa akihema kama mvukuto, akatulia taratibu. Kisha jike mzee akanyoosha mkono, akachukua ndizi iliyokuwa mbele ya dume. Dume akamwachia. Jike mzee alikuwa hajala tangu atengwe.

"Kinyaa kitupu," Filemon akasema, akifuta kiatu kwa jani la mgomba.

"Kinyaa, ndiyo," Aikande akajibu. "Sanduku moja kubwa, ndugu."

Filemon akatupa lile jani. "Moja," akakubali, akatoka nje kupata hewa.

Walisafirishwa pamoja. Kutoka Kigoma ikaja habari kwamba wamefika wote watatu, na manyoya ya jike mzee yameanza kuota. Jioni ile, nyumbani, mama yake Aikande alimwekea mezani mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Aikande aliuona uzito wake, akakumbuka usaha, akausukuma kando na kuomba chai.