Tarehe ya Kodi, Tarehe ya Bati

Jamani, kuna watu wanaoandika ili waeleweke, na kuna Bwana Kasri. Jina hilo alibandikwa na wapangaji, kwa sababu nyumba yake ya vyumba vinne, yenye bati linalovuja, yeye huiita kasri. Na sasa kasri lilikuwa linaponyoka: benki ilimpa hadi mwisho wa mwezi alipe rejesho la mkopo, la sivyo nyumba inapigwa mnada. Wakati huohuo fundi cherehani wa chumba cha uani alikuwa hajalipa kodi miezi miwili, na rejesho lilitegemea kodi hiyo.

Barua pepe alishamwandikia tatu. Ya mwisho ilianza na neema za Mungu, ikapitia maadili ya vijana, ikaishia "timiza wajibu wako haraka iwezekanavyo." Fundi akajibu: "Amina, mzee wangu. Mawaidha mazuri."

"Ananidharau huyu!" Bwana Kasri alifoka, akimsukumia binti yake simu. "Soma hii ya nne. Vyombo vyake navitupa nje!"

Binti, karani katika ofisi ya wakili, alisoma mkono shavuni. "Baba, umemwita kupe mara mbili, lakini kiasi hujakitaja, wala tarehe. Na ukimtupia vyombo bila notisi, atakayeshtakiwa ni wewe."

"Kwani hajui anachodaiwa?"

Binti alifuta yote, akaandika upya:

"Fundi, habari. Unadaiwa kodi ya miezi miwili, jumla laki tatu. Tafadhali lipa kwenye akaunti ileile, kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe ishirini. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, niandikie kabla ya Jumatano tupange awamu mbili. Usipolipa wala kuniandikia, nitakupa notisi kama mkataba unavyosema."

Bwana Kasri aliguna. Hata methali moja haimo? "Haya, tuma."

"Bado. Mwaka mzima anakulilia bati. Utalitengeneza lini?"

"Mwambie karibuni."

"Karibuni ni tarehe ngapi, baba?"

Mzee alinuna, akakuna kichwa, akakohoa kikohozi asichokuwa nacho. "Weka Jumamosi, tarehe ishirini na moja," alisema, huku moyoni akijiambia Jumamosi ziko nyingi.

Ijumaa asubuhi simu ikalia: laki tatu zimeingia. Nusura alie kwa furaha. Kasri limepona! Chini yake kulikuwa na ujumbe wa fundi:

"Mzee wangu, hela nilikuwa nayo muda wote. Wewe uliniambia haraka iwezekanavyo, na bati uliniambia karibuni, nikajua hatuna haraka sote. Ngazi nimeshaazima. Kesho saa ngapi?"

Bwana Kasri alivaa miwani, akaanza kujibu kwa kidole kimoja: "Fundi, neema za Mungu ziwe nawe. Kuhusu bati, litashughulikiwa haraka iwe..."

Kidole kikasita. Aliyasoma maneno yale, na safari hii aliyasikia kama anavyoyasikia aliyelala chini ya bati linalovuja. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Akafuta yote. Akaandika: "Saa tatu." Kisha akaenda kuulizia bei ya bati.