Robo ya Mwalimu

Jina la Mwalimu Robo hakupewa na mamaye. Alipewa na wanafunzi wa chuo cha uuguzi, siku ile ile ilipobandikwa habari kwamba mtihani wa mwisho utakuwa wa kukata alama: jibu sahihi alama moja, jibu baya unapungukiwa robo. Lilimkaa vizuri kama kofia yake mwenyewe, maana yeye ndiye mkuu wa mitihani na yeye ndiye aliyeipigania robo hiyo mpaka ikapita. Mwanzoni lilimchekesha. Baadaye, akilisikia kwenye korido, alikuwa anatazama viatu vyake.

Ilianzia ofisini kwa Mkuu wa chuo, mama wa makamo asiyependa vikao virefu. Mwaka uliopita kijana mmoja wa mdomo mwingi alifaulu vizuri, kisha akajisifu kantini kwamba nusu ya karatasi aliijaza akiwa amefumba macho. Maneno yakamfikia Mkuu, na Mkuu akawaka.

"Tunatoa wauguzi hapa, au tunachezesha bahati nasibu?" aliuliza.

"Tukate alama," alisema Mwalimu. "Watashika adabu."

Mwalimu wa tatu pale mezani alikuwa binti anayefundisha takwimu, ambaye watu wazima na watoto wote walimwita Dada Takwimu. Hakupinga. Alivuta kalamu tu, akawaeleza kwa upole, kama anayelisha mgonjwa uji. Kila swali lina majibu matano, la kweli likiwa moja. Asiyejua kitu kabisa akijibu maswali matano kwa kubahatisha, kwa kawaida atapata moja na kukosa manne. Manne mara robo ni alama nzima. Basi aliyoipata inaliwa yote, anabaki pale pale alipokuwa. Ndiyo maana ni robo, si nusu wala theluthi.

"Safi sana," alisema Mkuu.

"Safi, lakini kwa asiyejua kitu, Mkuu. Anayejua nusu ni mwingine. Mtu akiweza kufuta hata jibu moja kwamba hili si lenyewe, basi kujibu kunamlipa kuliko kuacha. Akibaki na mawili, asipojibu anajidhulumu. Waoga wataacha, majasiri watajaza, na sisi tutakuwa tumepima moyo badala ya uuguzi. Mimi ningeshauri tusikate kabisa, tuwaambie wote wajibu kila swali. Lakini kama mmeamua, basi hilo la kufuta lazima tulieleze wazi kwenye maelekezo, na tuliseme kwa mdomo pia."

Mkuu alitazama saa. Kura ikapigwa, robo ikapita, na Dada Takwimu akaandika maelekezo ya aya mbili yaliyoeleweka hata na mtoto wa darasa la nne: swali lililoachwa wazi halikatwi wala haliongezwi, jibu baya linakatwa robo, na *ukiweza kufuta jibu moja au zaidi, chagua miongoni mwa yaliyobaki*.

Sentensi hiyo ya mwisho Mwalimu Robo aliifuta.

Hakuifuta kwa ubaya. Aliisoma usiku mmoja na mchana mmoja, na kila akiisoma aliona haya. Chuo cha uuguzi kiwaandikie watu, kwa muhuri wake, kwamba wabahatishe? Wazazi wakiiona je? Mkuu akiiona je, aliyewaka kwa sababu ya kubahatisha huko huko? Akaikata, akapeleka karatasi kuchapwa, na Dada Takwimu hakuambiwa.

Siku ya maelezo kwa watahiniwa, ukumbi ulijaa, ila Mkuu na Dada Takwimu hawakuwepo. Mwalimu alisoma sheria kwa sauti yake nzito, akauliza kama kuna swali. Nyuma kabisa akasimama mwanamke aliyewazidi wenzake umri, aliyekuwa mhudumu wa wadi miaka mingi kabla hajapata nafasi ya kusoma. Wote walimwita Mama Pacha, maana alikuwa nao, na kila mtu chuoni aliwajua kwa fujo zao. Na kila mtu alijua pia kwamba mtihani huo alishafeli mara moja, na sheria ya chuo ni kwamba ukikosa mara ya pili unarudi ulikotoka.

"Samahani, Mwalimu. Mimi mara nyingi nabaki na majibu mawili. Matatu najua si yenyewe, lakini mawili yananipiga chenga. Hapo nifanyeje?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa, na yeye ndiye aliyelifuta. Angeweza kulisema kwa pumzi moja. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na mtu mwenye sauti nzito hupenda kuitumia.

"Mama, ukiwa wadini hujui dozi ni ipi kati ya mbili, utambahatishia mgonjwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi. Huna hakika, acha."

Ukumbi ukacheka, wengine wakapiga makofi. Mama Pacha alicheka pia, akashukuru, akakaa. Mwalimu alitoka pale akijiona amesema jambo la maana.

Matokeo yalipotoka kwenye mashine ya kusahihishia, yule aliyeshangiliwa na wengi alikuwa ni kijana mchekeshaji wa darasa, aliyejaza karatasi nzima bila kuruka hata moja. Alikosea mengi, akakatwa, na bado akafaulu. Mama Pacha alijibu maswali hamsini na matatu tu kati ya mia moja. Arobaini na nane alipatia. Matano alikosa. Yaliyobaki aliyaacha wazi, meupe, kama alivyoagizwa. Alitakiwa kufikisha hamsini.

Mwalimu aliitazama karatasi ile mpaka macho yakamuuma. Akajiambia labda hakuyajua kweli. Mtu anaweza kuacha kwa sababu hajui, si kosa la mtu. Akajiambia hivyo kwenye chai ya asubuhi, akajiambia hivyo kwenye chakula cha mchana. Mwishowe akavuka barabara mpaka hospitali.

Alimkuta kwenye stoo ya mashuka. Alikuwa amesharudi kwenye sare yake ya zamani ya uhudumu, anakunja mashuka na kuyapanga kwenye rafu, upesi, pembe kwa pembe.

"Karibu, Mwalimu. Kiti hakuna, lakini mashuka ni safi."

"Mama Pacha, yale uliyoacha. Ulikuwa huyajui kabisa?"

"Mengine kabisa. Mengi ndiyo yale ya mawili mawili." Alikunja shuka jingine. "Ulisema niache."

Mwalimu akamuuliza moja, lile la mgonjwa wa kisukari aliyekutwa anatoka jasho na kutetemeka. Akamtajia majibu yote matano; Mama Pacha akafuta matatu pale pale, akataja mawili, akasita.

"Ukilazimishwa?"

"Ningesema sukari imeshuka."

Lilikuwa lenyewe. Akamuuliza la pili, la tatu, wakaendelea hivyo huku mashuka yanapanda rafuni. Mengine alikosa, na akikosa alitikisa kichwa. Lakini kwa kila alilokosa alipatia mawili, na mtoto yeyote angeweza kupiga hesabu hiyo. Huyu mama hakuzuiwa na ujinga. Alizuiwa na utii, na aliyemtii alikuwa yeye.

"Watoto nimewaambia sikusoma vya kutosha," alisema Mama Pacha. "Wamenicheka. Ndivyo wanavyosema wao nikiwapigia kelele za shule."

Mwalimu akaaga kama mtu anayekimbia mvua.

Kesho yake Mkuu aliitisha kikao. Wanafunzi walikuwa wamelalamika na Mkuu alitaka kelele ziishe.

"Tuondoe hiyo robo," alisema. "Mashine isahihishe upya bila kukata, kila mtu apate alichopatia. Tumalize."

Kwa muda mfupi Mwalimu alipumua. Hapo ndipo pangekuwa pa kupona: robo inafutika, lawama inafutika, na hakuna aliyeandika popote kile alichosema ukumbini.

"Haitawasaidia walioumia," alisema Dada Takwimu. "Aliyejaza kila kitu ataongezeka alama tisa, kumi. Aliyeacha wazi hana cha kurudishiwa, maana hakukatwa. Mama Pacha, kwa mfano, atafika arobaini na nane. Bado amekosa. Tutakuwa tumewalipa waliobahatisha mara mbili." Akageuka. "Kitu kimoja ndicho kinanishangaza. Mbona wameacha wazi mengi hivi? Maelekezo yalisema wakiweza kufuta jibu, wajibu."

Mwalimu alikuwa amekalia kuti kavu na pale mezani hakuna aliyejua ila yeye.

"Hayakusema," alisema.

"Yalisema, Mwalimu. Niliandika mwenyewe."

"Niliifuta ile sentensi. Niliona aibu. Halafu Mama Pacha akaniuliza jambo hilo hilo mbele ya watu, nikamjibu aache. Nilijua jibu. Nikataka kuchekesha watu." Aliweka mikono chini ya meza. "Kosa si la robo, Mkuu. Ni langu. Tukisahihisha upya tu, nitakuwa nimejificha nyuma ya mashine."

Mkuu hakumfokea, na heri angemfokea.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Mtihani mwingine. Maswali mapya, bila kukata, kwa yeyote anayetaka, na ashike alama iliyo kubwa. Na huu usihesabiwe kuwa ni kukosa mara ya pili. Barua ya kueleza sababu nitaiandika mimi, kwa jina langu."

"Ukuu wa mitihani huo utauacha."

"Ndiyo."

Mkuu akakubali. Maswali mapya yalitungwa, na wengi wakajiandikisha, hata yule mchekeshaji, aliyesema anataka kujua kama anajua kitu. Mama Pacha alikuja wa kwanza, sare ya uhudumu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu zamu yake ilikuwa inamngoja.

Mwalimu aliomba jambo moja tu: asome maelekezo mwenyewe, kwa mara ya mwisho. Alisimama mbele, sauti ikiwa ya kawaida.

"Jibu sahihi ni alama moja. Jibu baya halikatwi kitu. Swali ulilolijibu vibaya na swali uliloliacha wazi yote ni sifuri, kwa hiyo usiache hata moja. Usipojua, futa unayojua si yenyewe, uchague katika yaliyobaki. Siku ile niliwaambia vingine, na niliwadanganya. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyecheka. Karatasi zikagawiwa. Mwalimu akapita kati ya meza mpaka kwa Mama Pacha, akainama kidogo.

"Mama, umenielewa? Hata ukibaki na mawili, jibu."

"Nimekusikia, Mwalimu," alisema, kwa heshima ile ile ya siku zote. Kisha akainua kichwa, akatazama upande wa mlango alikosimama Dada Takwimu.

"Eti dada," aliuliza taratibu, "ni kweli anavyosema?"