Gorogoro Arobaini kwa Gunia

Magunia arobaini ya maharagwe yalikuwa yamepangwa sebuleni kwa Emily Nyamusi, huko Sironga, tangu Agosti. Ni yeye aliyewaomba wanawake ishirini na mbili wa kikundi wasimuuzie dalali wa Masimba, aliyetaka kulipa elfu nane na mia nane kwa gunia. "Shule ya bweni inatangaza zabuni," aliwaambia. "Tungoje." Sasa ilikuwa Oktoba, wadudu walikuwa wameanza kuonekana kwenye gunia moja, na kila Jumamosi baada ya ibada mtu alimuuliza, kwa upole, maharagwe yake yamefikia wapi.

Zabuni ilikuwa inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi. Alhamisi saa nane mchana Emily alifika Keroka, katika duka la vifaa vya ofisi la Mzee Ombui. Alifuatana na mwenyekiti wa kikundi, Bathsheba, aliyezoeleka kama Mama Mose.

Ombui hakusomea ununuzi. Kwa miaka mingi aliwatolea watu nakala za zabuni na kuzifunga, na wale walioshindwa walimletea barua za kukataliwa awachapie malalamiko. Alizisoma barua hizo zote. Kutoka humo alijifunza watu huangukia wapi.

"Nipeni na tangazo lenyewe," alisema. Aliliweka kushoto, zabuni kulia, akachukua penseli.

Alianza na namba za kurasa. Alifunua moja moja, hadi hamsini na nane. Kisha akafuata orodha ya masharti ya lazima, akitia alama kando ya kila moja. Hati ya usajili, ipo. Cheti cha ushuru, kipo, hakijaisha. Kwenye sharti la tano penseli ilisimama.

"Cheti cha AGPO sikioni."

Zabuni hiyo ilikuwa imetengewa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Bila cheti hicho, kamati isingefika hata kwenye bei.

"Kipo," Emily alisema. "Nilikitolea nakala hapa hapa Jumanne."

"Nakala haimo. Na cheti chenyewe?"

Emily alipekua mkoba, akaupekua tena. Lavender, msichana anayeshika mashine za Ombui, aliinuka polepole, akafungua kifuniko cha mashine ya kutolea nakala ya kule pembeni, ile ambayo haikuwa na wino tangu juzi. Cheti kilikuwa kimelala pale kifudifudi.

"Jumanne mashine iliishiwa na wino katikati," Lavender alisema bila kumtazama mtu.

"Basi kosa hilo ni la duka langu," Ombui alisema. "Hamtalipia nakala."

"Na soda?" Mama Mose aliuliza.

"Na soda."

Alirudi kwenye karatasi. Fomu ya kiapo cha kulinda zabuni, ambayo vikundi kama vyao hujaza badala ya dhamana ya benki, ilikuwa imetiwa sahihi na muhuri vizuri, ila juu yake palikuwa na jina la shule nyingine. Emily alikuwa ameinakili kutoka kwa zabuni ya mwaka jana, ile waliyoshindwa. Alishika kichwa.

"Hiyo ni ya kuchapa upya tu," Ombui alisema. "Tuendelee."

Kwenye bei alikaa muda mrefu. Alifungua ukurasa wa kumi na mbili, akarudi wa tatu, akaenda tena wa kumi na mbili. Akatoa kikokotoo.

"Hizi kurasa mbili hazijasalimiana," alisema hatimaye. "Fomu ya zabuni inasema magunia arobaini ni shilingi laki nne na kumi na sita elfu. Jedwali la bei linasema gunia ni elfu kumi na moja na mia saba. Mara arobaini, hiyo ni laki nne na sitini na nane."

Wanawake wale walitazamana.

"Jedwali ni langu," Emily alisema. "Tulikubaliana mkutanoni gorogoro iuzwe mia mbili na sitini, kama sokoni. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili. Gunia la kilo tisini ni gorogoro arobaini na tano."

"Na hiyo fomu, mimi ndiye niliyemtajia Emily jumla, akaijaza," Mama Mose alisema. "Gunia ni gorogoro arobaini. Nimepima maharagwe tangu huyu hajazaliwa."

"Mama, mkebe umeandikwa kilo mbili!"

"Umeandikwa na watu wa mafuta ya kupikia. Hao walikuwa wanapima mafuta."

Lavender alicheka, akajifanya anakohoa.

"Si kamati watachukua bei ya chini, Mzee?" Emily aliuliza. "Au watupigie simu tusahihishe."

"Hawaruhusiwi. Kesho watasoma kwa sauti hiyo ya kwenye fomu, na ikishasomwa haiguswi. Wakifika kwenye jedwali na kukuta hesabu haikubaliani, wanaitupa zabuni nzima. Nina barua tatu za namna hiyo kwenye faili." Aliweka penseli chini. "Mimi siwezi kuwaambia nani yuko sawa. Lakini Jagdish ana mizani."

Duka la nafaka la Jagdish lilikuwa jirani. Alipowaona wanaingia na karatasi alikunja uso. "Mama Mose, leo unanunua au unakuja kunikagua?"

"Nakuja kukufundisha kupima. Lete gorogoro yako."

Emily alichota maharagwe, akayasawazisha kwa kiganja. Jagdish alitoa uzito wa mkebe, akasoma: kilo mbili kasoro kidogo. Emily aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa.

"Mtu akikuuzia hivyo sokoni utamlipa?" Mama Mose aliuliza. Akachota yeye, akarundika mpaka kilele, punje mbili zikaanguka mezani. Jagdish akasoma: kilo mbili na robo.

Ombui alipiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti. Mara arobaini, tisini kamili.

Emily alizirudisha zile punje mbili kwenye mkebe. "Mia mbili na sitini ni ya iliyorundikwa," alisema. "Mama, uko sawa. Ningeandika bei ambayo hakuna anayeuza."

"Lakini na mimi nimesahau gari," Mama Mose alisema. "Bei inatakiwa iwe ya kufikisha mpaka stoo ya shule. Ongeza mia moja kila gunia."

Elfu kumi na mia tano. Laki nne na ishirini elfu. Waliporudi dukani kwa Ombui, Emily aliichapa kwenye jedwali, kwenye fomu kwa tarakimu, kisha kwa maneno. Mama Mose alitia sahihi na muhuri upya. Cheti kilipoingia, kurasa zote zilizokifuata zilipata namba mpya. Ombui aliziandika kwa mkono, halisi na nakala, mpaka hamsini na tisa.

Asubuhi sanduku lilifunguliwa shuleni mbele ya waliotuma zabuni. Zilisomwa bei tatu: laki nne na thelathini na mbili, laki nne na ishirini, laki nne na hamsini na tano. Emily aliziandika kwenye kiganja. Chini yake, peke yake, akaandika ile ya jedwali lake la kwanza, akaona ingekuwa ya mwisho.

Barua ya ushindi ilikuja wiki tatu baadaye. Siku kumi na nne za kungojea malalamiko zikapita, mkataba ukatiwa sahihi. Gunia lenye wadudu wanawake walilichagua upya, wakajaza pengo kutoka majumbani. Sebuleni kwa Emily, Mama Mose alipima yote arobaini kwa gorogoro, akirundika, Emily akihesabu kwa sauti.

Kwenye stoo ya shule, gunia la kwanza lilipandishwa kwenye mizani. Mtunza stoo aliinama kusoma.

"Tisini na nusu."

"Hiyo nusu," Mama Mose alimwambia Emily, "ni ya wewe kunihesabia haraka mpaka nikazidisha kilele."