Jambo la Nne

Shangazi mtu alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na somo lake kubwa lilikuwa hili: ukipewa barua ndefu usibabaike, pigia mstari kila alama ya kuuliza, kisha jibu. Kwa mbinu hiyo alivusha wanafunzi wengi mtihani. Kwa mbinu hiyohiyo nusura amponze mtoto wa kaka yake.

Barua pepe ilitoka hospitali ya ng'ambo iliyokubali kumpasua mtoto moyo Alhamisi. Aya tano za salamu, maegesho ya magari na samahani za mratibu mgeni kazini. Alama za kuuliza zilikuwa tatu. Mtoto ana kilo ngapi? Nani atamsindikiza? Kuna dawa inayomdhuru? Akajibu moja, mbili, tatu, akatuma, kichwa juu. Jibu likaja: vizuri sana, tunawasubiri.

Mchana alikuwa mezani kwa wifi yake alipomwona akisaga kidonge kijikoni.

"Hicho nini, wifi?"

"Si aspirini yake ya kila siku. Daktari wetu hakusema tuache."

Neno aspirini alikuwa ameliona mahali katika barua ile. Akafungua simu, akaisoma barua upya, safari hii sentensi kwa sentensi, akijiuliza kila moja inataka nini kwake. Katika aya ya nne, baada ya maegesho: *Sauf erreur de notre part, l'aspirine a été arrêtée.* Kama hatukosei, aspirini imesimamishwa. Hapakuwa na alama yoyote ya kuuliza. Waungwana wale walikuwa wameuliza kwa kudai wanajua, wakisubiri kusahihishwa. Naye alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo.

"Damu yake haitaganda upesi," alimwambia wifi yake. "Wakimpasua hivi, anaweza kutokwa na damu nyingi."

Mama mtu akashika ukingo wa meza. "Wifi, nakuomba. Tumengoja miezi kumi na minne. Ukiwaambia, watatunyang'anya nafasi. Leo simpi. Yatosha."

"Zimebaki siku tatu, hazitoshi. Na si sisi wa kuamua."

Aliogopa, tena sana. Hata hivyo akaandika: la kwanza, uzito, la pili, msindikizaji, la tatu, hana dawa inayomdhuru, la nne, mmekosea, na kosa ni langu: mtoto bado anameza aspirini, kipimo hiki, mara ya mwisho jana mchana. Wifi yake akageukia ukutani alipobonyeza kutuma.

Jibu lilikuja kabla vyombo havijaoshwa. Mistari miwili: asanteni kwa jambo la nne, simamisheni leo, upasuaji umeahirishwa, tarehe nyingine itafuata.

"Lini?" mama mtu akauliza.

Shangazi akalisoma jibu tena neno kwa neno, akiitafuta tarehe ndani ya kila sentensi. Haikuwemo. Kutoka chumbani mtoto akakohoa, akaita mama.

Akaanza barua mpya. Hakuweka salamu wala samahani, ila swali moja tu, na alama yake mwishoni.