Video Iliyomfikia Mama

Hamweemba alikuja msibani kwetu akala kuliko wafiwa. Alikaa na wanaume pale motoni nje, midomo inang'aa mafuta, akirudia kusimulia kwamba yeye ndiye aliyemkuta dada yangu Mutinta barabarani, baada ya lori kumgonga. "Nilimkuta keshakufa," anasema, huku anachokonoa meno. Nilitamani kumfukuza, lakini msibani utamfukuzaje mtu.

Ndani, mama alikuwa mkekani na wanawake wenzake, anaomba kitu kimoja: amwone Mutinta akicheza kwenye harusi ya binamu yetu Luyando. Video ilikuwa kwa Luyando, kubwa kweli, na kwetu mtandao ni wa kusikia kwa watu. Nikamwambia mama wala hauhitajiki, simu zikiwa karibu zinatumiana zenyewe. Nikamwashia bluetooth na waifai, nikaifungua simu yake ipokee kutoka kwa yeyote aliye jirani.

"Ikikuuliza, bonyeza 'Kubali'."

"Haitanila salio?"

"Haili hata ngwee moja, mama."

Luyando nilimkuta nyuma ya nyumba anasonga nsima, ugali wa waombolezaji. "Ngoja ninawe basi, dada, kwani video inakimbia?" Hata simu hajaitoa, nikasikia wanawake ndani wamenyamaza ghafla.

Mama alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Haikuwa harusi. Ilikuwa lami, na kitenge cha Mutinta, na damu. Alikuwa amekubali kama nilivyomwelekeza, akidhani ni Luyando. Taarifa ya kupokea faili bado ilionyesha jina la aliyetuma: Hamweemba.

Nikamtokea pale motoni.

"Aa, imeenda kwenu?" akasema. "Nilikuwa namtumia huyu Choolwe hapa. Simu yake na ya mama yako aina moja, hazijabadilishwa majina, kwenye orodha zinafanana. Nimegusa siyo. Futeni tu, yaishe."

"Umeshawatumia wangapi?"

Akamega tonge jingine. Wanaume wakaziangalia simu zao, mmoja akaificha yake chini ya paja. Kila mmoja alikuwa na nakala yake mfukoni, na hakuna popote pa kwenda kuomba zifutwe zote. Wameila nsima yetu na hiyo video wanayo. Nilitamani kuwatapikia miguuni.

Mama akanipita. Hakuwa analia. Akapandisha sauti ya simu hadi mwisho, akaishikilia mbele ya uso wa Hamweemba.

"Kaka, maji," ilikuwa sauti ya Mutinta, ndogo lakini yake kabisa. "Kaka, nipigie mama."

Picha haikutikisika hata kidogo. Aliyeshika simu alikuwa ametulia, tena akasogea karibu apate uso vizuri.

Hamweemba akaweka sahani chini, akataka kuinuka. Mama akavuta kigoda, akakaa magoti yao yakigusana.

"Kaa," akamwambia. "Ni ndefu, na mimi nataka kuiona yote na wewe."